Wasifu wa kijana anayeomba programu ya uongozi: rasimu tatu za mwombaji mmoja

Programu nyingi za uongozi kwa vijana wa sekondari huomba wasifu mfupi wa maneno 150 hivi, na fomu nyingine huhesabu herufi badala ya maneno. Kwa Kiswahili, herufi 1,000 pamoja na nafasi hutoa karibu maneno hayo hayo 150. Ni nafasi ndogo. Kijana mwenye mambo sita ya kusema hulazimika kuchagua umbo kabla hajachagua maneno, na kwa maombi niliyoyasoma, hapo ndipo wengi wanapopotelea. Wana mambo ya kweli waliyoyafanya, ila wameyapanga kwa namna inayoyaficha.

Maumbo yanayotumika zaidi ni matatu: orodha ya nafasi na shughuli, simulizi ya kazi moja, na sifa zinazofuatwa na ushahidi. Ili tuyalinganishe kwa haki, nimemtunga mwombaji mmoja na kumwandikia rasimu zote tatu kutokana na mambo yale yale. Ni msichana wa miaka 16, anasoma kidato cha tatu katika shule ya kutwa mjini Morogoro, na anaomba mwezi Julai. Kabla ya kuandika chochote, ameweka mezani alichonacho:

| Shughuli | Alichokifanya yeye hasa | Anayeweza kuthibitisha |
|---|---|---|
| Kiranja wa maktaba, tangu kidato cha pili | Alianzisha daftari la kuazima. Vitabu 26 kati ya 40 vilivyokuwa vimepotea vilirudi | Mwalimu wa maktaba |
| Kisomo cha Jumamosi mtaani, tangu Januari | Alikianzisha, alitafuta mahali na vitabu, anafundisha | Mwenyekiti wa mtaa, wazazi |
| Netiboli, mashindano ya shule za sekondari ya UMISSETA, ngazi ya wilaya | Nahodha msaidizi | Mwalimu wa michezo |
| Skauti | Anahudhuria. Aliwaleta wenzake wawili kwenye kisomo | Kiongozi wa skauti |
| Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi | Anashiriki na familia | Mjumbe |
| Kwaya ya vijana | Anaimba | Mwalimu wa kwaya |

Safu ya katikati ndiyo yenye thamani. Ukiisoma kutoka juu kwenda chini unaona mara moja kwamba shughuli mbili za mwisho hazina kitendo kilicho chake peke yake. Usafi wa mwisho wa mwezi ni agizo linalomhusu kila mkazi, kwa hiyo kuutaja kama kujitolea hakumtofautishi na jirani yake. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanafunzi wa Kenya anayetaja huduma kwa jamii iliyo sehemu ya masomo yake ya lazima. Inahesabika pale tu alipofanya jambo ambalo hakuagizwa.

Rasimu ya kwanza: orodha

> Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye umri wa miaka 16, mkazi wa Morogoro. Ni kiranja wa maktaba, mwanachama wa skauti, nahodha msaidizi wa timu ya netiboli iliyoshiriki UMISSETA ngazi ya wilaya, na mwanakwaya wa kwaya ya vijana. Hushiriki usafi wa mazingira kila mwisho wa mwezi na pia ninajitolea kufundisha watoto kusoma. Ninapenda uongozi na ninaamini kuwa vijana ni nguvu kazi ya taifa. Nina bidii, ninashirikiana vizuri na wenzangu na niko tayari kujifunza.

Hakuna uongo hapa, na Kiswahili chake ni safi. Lakini itazame kazi kubwa kuliko zote ilikoangukia: "pia ninajitolea kufundisha watoto kusoma", maneno matano, baada ya usafi. Msomaji hajui kama alianzisha yeye au alialikwa, kama ni watoto wawili au ishirini, wala kama alikwenda mara moja au miezi sita. Sentensi mbili za mwisho zinaweza kukatwa na kubandikwa kwenye wasifu wa mwombaji mwingine yeyote bila mtu kugundua, na zimekula robo nzima ya rasimu.

Orodha ina kosa jingine linalojificha. Huvipa vyeo vyote uzito mmoja. Ukiranja wa maktaba kwenye shule moja ni kazi ya kila siku, kwenye nyingine ni beji tu. Msomaji anayetoka mkoa mwingine hawezi kujua, kwa hiyo atahesabu kidogo. Mwombaji aliyepigiwa kura na wanafunzi wenzake akaandika "kiranja" tu ametupa nusu ya ushahidi wake, kwa sababu kuchaguliwa na wenzako na kuteuliwa na mwalimu ni mambo mawili tofauti, na yote mawili yana maana yake.

Rasimu ya pili: kazi moja

> Nina miaka 16, ninasoma kidato cha tatu Morogoro na ni kiranja wa maktaba shuleni. Mwezi Januari nilianzisha kisomo cha Jumamosi kwa watoto wa darasa la pili na la tatu mtaani kwetu, baada ya kuona wadogo wa rafiki zangu wanakariri hadithi badala ya kuisoma. Mwenyekiti wa mtaa aliniruhusu kutumia baraza la ofisi, na mwalimu wa maktaba aliniazima vitabu 20 kwa saini yangu. Tulianza na watoto 7. Mwezi Aprili mvua za masika zilitutoa barazani, wakabaki 3. Niliomba chumba cha kanisa, nikawapanga upya kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa. Kufikia Juni watoto 11 walikuwa wanahudhuria mara kwa mara, na 5 ambao mwanzoni hawakuweza kuunganisha silabi walisoma aya fupi peke yao. Wenzangu wawili wa skauti sasa wanaongoza kundi moja moja, mimi ninaongoza la tatu. Ninataka kujifunza namna ya kuikabidhi kazi hii kabla sijaingia kidato cha nne.

Huyu ni mtu yule yule, lakini sasa tunamwona akiamua. Aliona tatizo, akaomba ruhusa kwa wahusika wawili tofauti, akapungukiwa na watoto, akabadili mpango, akaongeza mikono. Shule na mtaa havikukaa kwenye sentensi mbili zisizojuana. Ukiranja wa maktaba ndio uliompa vitabu, skauti ndiyo iliyompa wasaidizi. Wasomaji wa fomu huuliza, hata wasipoandika popote, kama jambo hili lingetokea bila mwombaji. Rasimu ya pili inajibu bila kujisifu hata mara moja.

Sentensi ya mvua ndiyo ningeipigania mtu akitaka kuifuta. Vijana wengi, na walimu wao zaidi, huogopa kutaja kwamba watoto walipungua kutoka 7 hadi 3. Lakini kazi ambayo haikuwahi kuyumba haimwonyeshi kiongozi, humwonyesha mtu aliyekuwepo wakati mambo yanakwenda vizuri. Kupungua kule ndiko kunakoipa maana hatua iliyofuata: kuhama baraza, na hasa kubadili upangaji. Mtoto wa darasa la tatu asiyejua silabi akiwekwa na wenzake wanaosoma hunyamaza. Akiwekwa na wa kiwango chake husoma kwa sauti. Binti aliligundua hilo kwa kuangalia, na msomaji anaiona akili yake ikifanya kazi.

Angalia pia namba zilivyoandikwa. Hakusema "nimefundisha watoto wengi", wala hakuchukua majina yote yaliyowahi kupita kwenye daftari lake, ambayo ni 18. Alisema 11 wanahudhuria mara kwa mara, na kati yao 5 walivuka hatua inayoelezeka. Alijuaje? Aliwasomesha aya ile ile Januari na Juni, akaandika. Aidha, hakudai kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kusoma. Watoto hao wana walimu darasani siku tano kwa wiki, na kudai mafanikio yote ni kuwapora wengine. "Walisoma aya fupi peke yao" ni dai analoweza kulisimamia kwenye usaili.

Umbo hili lina udhaifu wake. Linahitaji kazi iliyodumu vya kutosha kuwa na mwanzo, tatizo na matokeo. Kwa kadiri ninavyoona, chini ya muhula mmoja ni vigumu. Pia linaacha nje netiboli na kwaya, jambo linalowauma wazazi. Na programu ikiwa ya mazingira au ya michezo, kisomo peke yake hakitatosha, itabidi kazi nyingine ichukue kiti cha mbele.

Rasimu ya tatu: sifa na ushahidi

> Nina miaka 16, kidato cha tatu, Morogoro. Huanzisha jambo ninapoona pengo: Januari nilifungua kisomo cha Jumamosi kwa watoto wa mtaani kwetu, na sasa 11 wanahudhuria mara kwa mara. Hutunza mali ya wengine: nikiwa kiranja wa maktaba nilianzisha daftari la kuazima, na vitabu 26 kati ya 40 vilivyokuwa havijulikani vilipo vilirudi katika muhula mmoja. Huongoza pamoja na wengine: ni nahodha msaidizi wa netiboli, kazi yangu ni kuwapanga wachezaji wa akiba kwenye mazoezi ili kila mmoja apate muda, na wenzangu wawili wa skauti sasa wanaongoza makundi kwenye kisomo. Ninaomba programu hii ili nijifunze kukabidhi kazi bila kuiacha ife.

Rasimu hii inapata ambacho ya pili imekosa, yaani upana. Daftari la maktaba ni hadithi nzuri sana, na kwenye rasimu ya pili haikupata nafasi kabisa. Netiboli nayo imepata kitendo, kuwapanga wachezaji wa akiba, badala ya kuwa jina la mashindano tu.

Gharama yake ni kwamba kisomo kimekuwa sentensi moja. Mvua zimetoweka, na pamoja nazo uamuzi wa kupanga upya. Msomaji anaona matokeo matatu bila kuona njia hata moja. Na umbo hili huvuta mwandishi kuelekea mahubiri. Akishaandika "huongoza pamoja na wengine", kijana hutaka kueleza kwa nini ushirikiano ni muhimu, na hapo maneno 40 yameondoka. Kinga yake ni kuanza kila sifa kwa kitenzi na kukifuatisha papo hapo na jambo lililotokea. Sifa tatu zinatosha. Zikifika tano, kila moja hubaki na ushahidi wa maneno kumi, na tunarudi kwenye orodha.

Ipi ichaguliwe lini

Fomu ikisema tu "tueleze kwa ufupi wewe ni nani", ningemshauri binti huyu apeleke rasimu ya pili. Akitaka, anaweza kuazima sentensi moja ya daftari la maktaba kutoka ya tatu na kuiweka mwanzoni, palipo na ukiranja, kisha apunguze maneno mahali pengine. Kati ya wasifu mwingi unaosomwa kwa siku moja, ule wa kisomo na mvua ndio utakaotajwa wasomaji watakapokaa kujadiliana, kwa sababu unaweza kusimuliwa kwa mdomo.

Fomu ikitaja vigezo vyake kwa majina, kwa mfano ubunifu, uwajibikaji na ushirikiano, mambo hubadilika. Hapo msomaji huwa na karatasi ya alama yenye visanduku, na atavitafuta. Simulizi nzuri isiyogusa kigezo cha pili hupata sifuri kwenye kisanduku hicho, hata kama msomaji mwenyewe ameipenda. Rasimu ya tatu imeandikwa kwa hali hiyo. Fuata mpangilio wa vigezo vyao, lakini usirudie maneno yao neno kwa neno. Msomaji aliyeandika "uwajibikaji" hahitaji kurudishiwa neno lake, anahitaji vitabu 26.

Orodha nayo ina mahali pake, na ni hapa: fomu inapokuwa na maswali mengine ya insha ambayo tayari yanaomba simulizi, au wasifu unapokwenda kuchapishwa kwenye kijitabu cha washiriki. Kurudia kisomo mara mbili kwenye fomu moja ni kupoteza nafasi. Ila orodha hiyo irekebishwe: kubwa iwe mbele, kila nafasi ipewe muda na kitendo, na visivyo na kitendo vitoke.

Niongeze jambo kuhusu kijana ambaye meza yake haina klabu wala cheo, kwa sababu wengi huacha kuomba kwa sababu hiyo. Mvulana anayefungua genge la bibi yake saa kumi na mbili asubuhi kabla ya shule, anayeandika madeni ya wateja na kujua nani alipe lini, ana ushahidi wa uwajibikaji kuliko mwanachama wa klabu tatu asiyehudhuria. Aandike rasimu ya pili kwa genge hilo hilo: lilikuwaje, alibadili nini, nini kilitokea. Majukumu ya nyumbani hayapungui thamani kwa kuwa hayana cheti. Kwa Kenya, kijana aliye kwenye programu ya Tuzo ya Rais, ambayo hupokea vijana kuanzia miaka 14, ana faida ya kumbukumbu ya shughuli inayosainiwa na wasimamizi, na humo atapata tarehe na vitendo bila kukisia.

Mahali wasifu unapovunjika

Wasifu hauendi peke yake. Mara nyingi huambatana na barua ya mwalimu au ya mwenyekiti wa mtaa, na barua hiyo huandikwa na mtu anayemtakia mema kijana. Mema hayo ndiyo huleta balaa. Wasifu ukisema watoto 11 na barua ikisema "zaidi ya 30", msomaji hana njia ya kujua nani mkweli, na huwashuku wote wawili. Kwa hiyo binti amwonyeshe mwenyekiti rasimu pamoja na daftari la mahudhurio kabla barua haijaandikwa. Daftari lenyewe ni la shilingi chache tu: tarehe, majina, tiki. Bila hilo, namba ya 11 ingekuwa kumbukumbu tu.

Dalili nyingine inayoonekana haraka ni mkono wa mtu mzima. Kijana wa miaka 16 akiandika "nimewajengea uwezo wadau wa elimu ngazi ya mtaa", kuna mjomba anayefanya kazi kwenye mradi. Sentensi ile ile kwa mdomo wa binti ni "niliwaonyesha dada wawili wa skauti namna ya kupanga makundi". Ni fupi, inaeleweka, na akiulizwa kwenye usaili atajibu bila kutafuta maneno. Mtu mzima asahihishe tahajia na tarehe, kisha airudishe karatasi.

Halafu kuna watoto wenyewe. Rasimu ya pili inawataja kwa idadi na darasa, basi. Jina la mtoto asiyejua kusoma, hali ya nyumbani kwao, picha yake akiwa ameshika kitabu, vyote havina kazi kwenye wasifu wa mtu mwingine, hata vikimgusa msomaji. Mtaa ni mdogo, na "mtoto mmoja ambaye baba yake ni mlevi" hujulikana kabla fomu haijafika inakokwenda. Mwombaji naye, kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, bado ni mtoto hadi atimize miaka 18. Kwa hiyo namba ya simu, jina la mtaa na jina la shule vikae kwenye sehemu za fomu zilizotengewa mambo hayo, visiingie kwenye wasifu unaoweza kuchapishwa, na mzazi ausome kabla ya kutia saini ya ridhaa.

Baada ya kuchaguliwa, huenda waandaaji wakaomba wasifu mfupi zaidi kwa ajili ya kijitabu cha washiriki. Hapo ndipo orodha iliyorekebishwa inapofaa:

> Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro, miaka 16. Tangu Januari anaendesha kisomo cha Jumamosi ambacho watoto 11 wa darasa la pili na la tatu huhudhuria mara kwa mara, akisaidiana na wenzake wawili wa skauti. Akiwa kiranja wa maktaba alianzisha daftari la kuazima lililorudisha vitabu 26. Ni nahodha msaidizi wa timu ya netiboli iliyofika UMISSETA ngazi ya wilaya.

Kwaya na usafi havimo. Bidii, upendo wa uongozi na nguvu kazi ya taifa navyo vimetoka, na hakuna msomaji atakayeuliza vimekwenda wapi.